Faida Iko, Lakini Pesa Iko Wapi? Kupima Mzunguko wa Pesa Kwenye Duka la Jumla

Ni tarehe 30 usiku. Umefunga duka, umekaa na daftari na kalkuleta, na hesabu inasema mwezi huu umepata faida ya shilingi 70,000. Si mbaya. Halafu unafungua simu kuangalia salio, unapata 4,300. Na kesho asubuhi lori la unga linafika, na yule dereva hashushi hata bale moja kabla ya kuona pesa.

Wenye maduka ya jumla wanaijua hii hali vizuri sana. Jambo la kwanza ambalo wengi hufikiria ni kwamba kuna mtu anaiba, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi hakuna aliyegusa kitu. Pesa ipo, ila imekaa mahali ambapo huwezi kuitumia: nyingine iko stoo kwa umbo la katoni, nyingine iko kwa vibanda vya mtaani kwa umbo la ahadi. Leo tutaonyesha jinsi ya kuitafuta ilipo na kuipima. Na tutaipima kwa siku, kwa sababu swali la maana hapa ni hili: shilingi ikitoka mfukoni mwako leo, itarudi baada ya siku ngapi?

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tumeuunda wenyewe ili hesabu itoke safi, lakini mwenye duka la jumla pale Githurai au Kongowea hataona kitu kigeni ndani yake. Tumuite Mama Jumla. Anauza unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vitu vingine vidogo vidogo, na wateja wake ni wenye vibanda na maduka ya rejareja.

Kwa mwezi wa siku 30, Mama Jumla anauza bidhaa za shilingi 2,880,000. Hizo bidhaa yeye alizinunua kwa 2,700,000. Kwa hivyo kwa siku anauza 96,000, na bidhaa anazotoa stoo siku hiyo zilimgharimu 90,000. Kati ya hizo mbili anabaki na 180,000 kwa mwezi. Akitoa kodi ya duka, mishahara, usafiri na riba, jumla 110,000, anabaki na ile 70,000 tuliyoanza nayo. Shika hiyo 90,000 kwa siku, tutairudia mara nyingi.

Siku za stoku

Jumapili jioni Mama Jumla na kijana wake wa stoo wanahesabu kila kitu kilichobaki. Wanapata bidhaa za shilingi 1,620,000. Tukigawanya kwa 90,000 tunapata 18. Maana yake ni kwamba akiacha kununua leo, stoku aliyonayo itamfikisha siku 18 mbele. Au ukipenda, kwa wastani bidhaa inalala stoo siku 18 kabla ya kutoka.

Kuna makosa mawili ambayo watu hufanya hapa. La kwanza ni kuhesabu stoku kwa bei ya kuuzia. Katoni uliyonunua kwa 1,500 na unaiuza kwa 1,600 iandike 1,500, kwa sababu hiyo ndiyo pesa yako iliyofungwa ndani yake. Ile 100 bado si yako hadi mtu anunue. La pili ni kuhesabu siku moja tu, halafu ikatokea ni siku moja baada ya lori kushusha. Stoo imejaa hadi mlangoni na siku zinaonekana nyingi kuliko kawaida. Afadhali uhesabu mara mbili, katikati ya mwezi na mwisho, uchukue wastani.

Sasa, 18 haionekani mbaya. Lakini wastani una tabia ya kuficha mambo, kwa hivyo hebu tuifungue kwa bidhaa. Unga: stoku ya 200,000, na kwa siku unatoka wa 40,000. Siku 5. Sukari: 160,000, inatoka 20,000 kwa siku. Siku 8. Mafuta: 210,000 kwa 15,000, siku 14. Sabuni: 250,000 kwa 10,000, siku 25. Hadi hapo mambo yako sawa kabisa.

Halafu kuna ile kona ya nyuma. Huko kuna madaftari ya shule yaliyobaki tangu shule zifunguliwe Januari, jagi za plastiki, juisi ya kampuni fulani ambayo hakuna mteja huitaja, na nepi za saizi moja tu. Thamani yake ni 800,000, na kwa siku zinatoka za 5,000. Gawanya mwenyewe: siku 160. Zaidi ya miezi mitano!

Kumbe karibu nusu ya pesa yote ya stoo imelala na bidhaa ambazo zinaleta kipande kidogo sana cha mauzo. Ukimuuliza Mama Jumla zilifikaje hapo, atakuambia kila moja ilikuwa na sababu yake. Juisi ililetwa na muuzaji wa kampuni aliyeahidi katoni moja ya bure kwa kila kumi. Jagi zilikuwa bei ya kutupa. Ofa ya "nunua kumi upate moja" inakupa punguzo zuri kama bidhaa inatoka kwa wiki mbili. Ikikaa miezi mitano, ile katoni ya bure umeilipia kwa njia nyingine, na juisi nayo ina tarehe ya kuharibika.

Ishara ya stoku kama hii huhitaji kalkuleta kuiona. Angalia vumbi. Angalia katoni ambazo kijana wako anazihamisha kila lori likija, ili apate nafasi ya kuweka unga.

Siku za kudai

Hizi ni siku ambazo pesa yako inakaa kwa mteja baada ya bidhaa kuondoka dukani. Daftari ya madeni ya Mama Jumla inasema wateja wanamdai yeye hakuna kitu, ila yeye anawadai 1,152,000. Mauzo kwa siku ni 96,000, kwa hivyo hizo ni siku 12. (Hapa tunatumia bei ya kuuzia, kwa sababu mteja anadaiwa bei aliyouziwa.)

Lakini ngoja kidogo. Nusu ya wateja wake hulipa papo hapo kwa simu au kwa noti. Wanaokopa ni nusu nyingine, na wao huchukua bidhaa za 48,000 kwa siku. Ukigawanya lile deni lote kwa 48,000 unapata siku 24. Namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina kazi yake. Ile 12 inakuambia duka zima linangoja pesa kwa muda gani, na ndiyo tutakayotumia kwenye mzunguko. Ile 24 inakuambia mteja wa mkopo anakulipa baada ya muda gani hasa. Mama Jumla alikuwa amewaambia siku 7.

Kutoka 7 hadi 24 watu hufikaje? Pole pole. Mwenye kibanda anakuja Jumatatu: "Madam, ile ya juzi nitatuma jioni, nipatie bale mbili za unga wateja wanangoja." Jioni anatuma 5,000 badala ya 12,000. Mama Jumla anaona meseji ya pesa imeingia, anafurahi, anampa tena siku ya Alhamisi. Mteja analipa kila wiki na anaonekana mtu mzuri, lakini deni lake linapanda kila wiki. Huyu ndiye mteja ambaye wengi wetu hatumuoni, kwa sababu tunaangalia kama ametuma kitu, hatuangalii salio limebaki ngapi na ni la tangu lini.

Dawa ya kuona ni kupanga madeni kwa umri. Mama Jumla alichukua daftari yake na taarifa ya malipo ya simu ya miezi mitatu, akakaa na kalamu mbili. Kila malipo aliyapeleka kwa deni la zamani zaidi la mteja huyo kwanza. Ilimchukua jioni mbili, kwa sababu wengine hutuma kwa simu ya bwana au ya mtoto na jina halilingani. Alipomaliza, deni la 1,152,000 lilijigawa hivi: 336,000 ni la siku 7 za mwisho, yaani liko ndani ya makubaliano. 316,000 ni la siku 8 hadi 30. Na 500,000 limepita siku 30. Kati ya hiyo 500,000, maduka manne peke yake yalikuwa na 380,000.

Hapo ndipo shida ilipoacha kuwa "wateja hawalipi" na ikawa maduka manne ambayo anajua yalipo.

Na kuna upande mwingine wa hii hesabu ambao ni vizuri kuukumbuka. Siku zako za kudai ni siku za mtu mwingine za kudaiwa. Mteja mkubwa akikuchelewesha, biashara yake inaendeshwa na pesa yako. Supamaketi hufanya kazi hivi kwa kawaida: mnunuzi analipa hapo kaunta, lakini aliyeleta bidhaa analipwa baada ya wiki kadhaa, kwa hivyo supamaketi inaweza kuuza bidhaa kabla haijailipia. Ni mpango mzuri kwao mradi mauzo yanaendelea. Nakumatt ilipolemewa, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na baadaye ikafungwa kabisa, waliokuwa wameipelekea bidhaa kwa mkopo walibaki na mabilioni ya shilingi ambayo hayakulipwa. Siku za kudai zikianza kurefuka kwa mteja mmoja mkubwa, hiyo ni habari kuhusu afya yake, na mara nyingi inakufikia wewe kabla ya kufika magazetini.

Jambo moja zaidi hapa kwa wale waliosajiliwa kulipa VAT, halafu tuendelee. KRA hawangoji mteja wako alipe. Ukiuza kwa mkopo tarehe 28, VAT ya hiyo ankara inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akikaa siku 24, tayari umeshamlipia kodi kutoka mfukoni mwako. Kwenye mfano wetu tumeiacha nje ili namba zisichanganyane, lakini kwako usiiache.

Siku za kudaiwa

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu sasa wewe ndiye umekaa na pesa ya mwenzako. Mama Jumla anadaiwa na wanaomletea bidhaa 630,000. Gawanya kwa 90,000: siku 7.

Tena ni wastani. Wa unga hawakopeshi hata siku moja, na vile vitu vingine hununuliwa taslimu. Wa sukari, mafuta na sabuni wanampa siku 14 kila mmoja. Sasa linganisha na stoo. Sukari inatoka kwa siku 8 na inalipiwa baada ya 14, kwa hivyo kama mteja wa sukari amelipa papo hapo, Mama Jumla ana siku 6 za kukaa na pesa ya mwenye sukari. Unga nao unatoka haraka kuliko vyote, lakini kila bale limelipiwa kabla ya kushushwa.

Kuziweka pamoja

Mzunguko wa pesa ni hesabu fupi:

siku za stoku + siku za kudai − siku za kudaiwa

Kwa Mama Jumla: 18 + 12 − 7 = 23.

Yaani kutoka anapomlipa aliyemletea bidhaa hadi pesa inaporudi mkononi, zinapita siku 23. Na kila siku moja kati ya hizo inabebwa na mtu fulani kwa 90,000. Zidisha: 2,070,000. Hiyo ndiyo pesa ambayo lazima iwe imezama ndani ya biashara wakati wote ili milango ibaki wazi. Ukitaka kuhakikisha, chukua stoku 1,620,000, ongeza madeni ya wateja ukiwa umetoa faida iliyomo ndani (yanabaki 1,080,000), toa 630,000 anayodaiwa. Utapata 2,070,000 ile ile.

Alitoa wapi? 1,500,000 ni akiba yake ya miaka, na 570,000 ni mkopo wa Sako ambao anaulipia asilimia 1.5 kwa mwezi, karibu 8,550. Ndiyo maana salio la simu ni 4,300. Hakuna aliyeiba.

Sasa hapa ndipo pa hatari kubwa, na tungependa ukae hapa kidogo. Mwezi wa Disemba mauzo yanapanda, tuseme kwa asilimia 20. Kila mtu anafurahi. Gharama ya bidhaa kwa siku inatoka 90,000 inakuwa 108,000. Kama siku ni zile zile 23, pesa inayotakiwa kuzama inakuwa 2,484,000. Hiyo ni 414,000 zaidi, na inatakiwa mwanzoni, kabla hata mauzo mapya hayajalipwa. Faida ya mwezi, hata tukikubali itapanda hadi 106,000, itahitaji karibu miezi minne kujaza hilo shimo. Disemba yenyewe ni mwezi mmoja. Kwa hivyo mtu anauza vizuri kuliko wakati wowote na ndio huo wakati anakosa pesa ya lori, anakimbilia mkopo wa haraka wa simu, na faida ya Disemba yote inaishia kwenye riba. Tumeona watu wakifunga duka Februari na kusema Disemba ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzuri kweli.

Alichofanya

Mama Jumla hakuhangaika na unga wala sukari, kwa sababu huko hakukuwa na kitu cha kubana. Ukikaza siku 5 za unga ziwe 3, utakachopata ni kibanda kuja na kukosa unga, kisha kwenda kwa jirani na kuchukua sukari huko huko. Alikwenda kwenye ile kona ya nyuma.

Kwa miezi miwili aliuza kwa bei ya chini vitu vilivyomgharimu 540,000. Alipata 460,000. Alipoteza 80,000, na hiyo ni zaidi ya faida ya mwezi mzima, kwa hivyo tusijifanye haikumuuma. Lakini ile hasara ilikuwa imeshatokea siku alipozinunua. Kilichobaki ni kuamua kama ataijua sasa akiwa na 460,000 mkononi, au baadaye juisi ikiwa imeharibika. Stoku ilishuka hadi 1,080,000, yaani siku 12. Na kanuni mpya ya stoo ikawa kwamba hakuna ofa inayochukuliwa bila kuuliza kwanza: hizi katoni, kwa mwendo wa mauzo yetu, zitaisha kwa siku ngapi?

Kwa madeni alifanya mambo mawili. Kila mteja wa mkopo alipewa kikomo cha shilingi, kulingana na anachonunua kwa wiki moja. Na hakuna kuchukua bidhaa mpya kwa mkopo kama kuna deni limepita siku 7, taslimu karibu. Hakuacha kukopesha. Kwa biashara ya vibanda, kukataa mkopo kabisa ni kumfukuza mteja, kwa sababu yeye pia anangoja watu wake wa nyumba za kupanga walipwe mwisho wa mwezi. Kwa yale maduka manne alienda mwenyewe kwa miguu. Wawili walikubali kulipa kidogo kila siku jioni, 2,000 na 3,000, kwa simu. Kiwango kidogo cha kila siku hufanya kazi kwa kibanda kuliko kikubwa cha mwezi, kwa sababu pesa ya kibanda huingia kila siku na hutoka kila siku. Ukiingoja hadi tarehe 30 utakuta imeshakuwa karo. Mmoja alikopa kwa chama chake akamaliza deni lote. Mmoja alikuwa anafunga.

Baada ya miezi mitano deni lote lilikuwa 672,000. Siku 7 kwa hesabu ya duka zima, 14 kwa wanaokopa. Bado si zile 7 alizowaambia, na tunadhani hazitafika.

Mzunguko mpya: 12 + 7 − 7 = 12. Pesa iliyozama inashuka kutoka 2,070,000 hadi 1,080,000. Kwa noti halisi alizokusanya, 460,000 ilitoka stoo na 480,000 ilitoka kwa wateja, jumla 940,000. Alimaliza mkopo wa Sako, akabaki na 370,000.

Na kwa nini hakuchelewesha malipo?

Utakuwa umeona kwamba hakugusa siku za kudaiwa. Kwa karatasi ni njia rahisi kuliko zote: chelewesha sukari, mafuta na sabuni wiki moja zaidi na mzunguko unapungua siku tatu na nusu hivi. Ila wanaoleta bidhaa wana daftari kama yako. Ukivuka 14 mara mbili tatu, siku sukari imeadimika lori litaanza kwa yule anayelipa kwa wakati, na wewe utapigiwa simu ukiambiwa mzigo umeisha.

Kuna pia bei ya mkopo ambayo haijaandikwa popote. Mwenye sukari anampa Mama Jumla njia mbili: mzigo wa 200,000 alipe baada ya siku 14, au alipe leo kwa asilimia 1 chini, yaani 198,000. Watu huona 2,000 ni kidogo, huacha. Lakini akichukua zile siku 14, kwa kweli ameazima 198,000 na kuilipia 2,000. Kwa mwaka kuna vipindi 26 vya siku 14, kwa hivyo ni riba ya karibu asilimia 26. Pesa ya Sako kwa asilimia 1.5 kwa mwezi ingemgharimu kama 1,390 kwa hizo siku 14. Kwa hivyo hata akiwa amekopa Sako, bado ni nafuu kulipa taslimu. Lakini kama pesa pekee iliyopo ni mkopo wa simu wa asilimia 7 kwa mwezi, unaolipwa wote hata ukiurudisha mapema, ni 13,860. Hapo achukue siku 14 na ashukuru.

Disemba ikafika. Mauzo yakapanda kwa ile asilimia 20, na kwa siku 12 nyongeza iliyotakiwa ilikuwa 216,000 badala ya 414,000. Ilitoka kwenye ile 370,000. Sukari akaendelea kuichukua kwa siku 14, kwa sababu kila shilingi ilikuwa na kazi mwezi huo.

Januari mauzo yaliporudi kawaida na pesa ya Disemba ikarudi, akaanza kulipa sukari taslimu. Deni lake kwa wanaomletea bidhaa likashuka kwa 280,000, siku za kudaiwa zikawa karibu 4, na mzunguko ukapanda kutoka 12 hadi 15. Kwa macho ya haraka amerudi nyuma. Lakini anaokoa asilimia 1 ya sukari ya 600,000 kila mwezi, ambayo ni 6,000, kwa pesa ambayo vinginevyo ingekuwa imekaa tu. Lile duka lililofunga bado liko kwenye daftari yake, 90,000, na amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Madaftari ya shule alinunua pia mwaka huu. Yalikwisha tarehe 19.